Maandishi mekundu kwenye kadi ya mama mjamzito

Tuseme mama wa miaka 28, mimba ya wiki 20, amepimwa kliniki na kukutwa na kaswende. Hana kidonda wala upele, na hajui aliambukizwa lini. Matibabu yanajulikana: sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4 kwenye msuli, mara moja kwa wiki kwa wiki 3, kwa kuwa muda wa maambukizi haujulikani. Muuguzi anafungua kadi ili aandike dozi ya kwanza, anakuta maneno matatu kwa wino mwekundu: "Mzio wa penisilini". Kalamu inasimama hapo.

Pana kambi mbili mbele ya maneno hayo. Ya kwanza inasema maandishi ni maandishi. Mzio mkali wa penisilini unaweza kuua ndani ya dakika chache, na hakuna mtoa huduma anayetaka kuulizwa kwa nini alichoma dawa iliyokatazwa kwa wino mwekundu. Ya pili inasema idadi kubwa ya maandishi hayo si ya kweli. Kati ya watu 10 walioandikiwa mzio wa penisilini, 9 au zaidi wakipimwa inavyotakiwa huonekana wanaivumilia dawa vizuri. Zaidi ya hapo, mzio wa kweli nao huchakaa: takriban watu 8 kati ya 10 waliokuwa nao hawana tena baada ya miaka 10 bila kuigusa dawa.

Mimi naegemea kambi ya pili, ingawa ya kwanza haina woga wa bure. Kinachonisukuma zaidi si hizo namba, ni swali la nini kitatumika badala yake.

Kwa mtu asiye na mimba, doksisaiklini ingetosha. Kwa mama huyu haifai, kwa sababu huathiri meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Erithromaisini na azithromaisini zinaweza kumtibu mama, lakini hazipiti vizuri kwenye kondo la nyuma. Mama anapona, mtoto anabaki na ugonjwa, na kila mtu anarudi nyumbani akidhani kazi imekwisha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mama akitibiwa kwa dawa hizo, mtoto atibiwe mara tu baada ya kuzaliwa. Seftriaksoni ina nafuu kuliko hizo, ila ushahidi wake kwa wajawazito wenye kaswende ni mdogo, na mama atachomwa kila siku kwa siku 10 hadi 14. Penisilini ndiyo dawa pekee iliyothibitika kumtibu mtoto akiwa bado tumboni. Kwa hiyo anayesema "tusihatarishe, tumpe nyingine" naye anahatarisha, isipokuwa hatari ameihamishia kwa mtu asiyeweza kulalamika.

Kabla ya kutafuta kipimo chochote, mama aulizwe. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wetu tunapopita mbio. Swali la "una mzio?" halisaidii, maana atajibu kile kile kilichoandikwa. Aulizwe kilitokea nini hasa, muda gani baada ya dozi, miaka mingapi iliyopita, na alitibiwaje. Kisha aulizwe ikiwa tangu hapo amewahi kumeza amoksisilini. Watu wengi hawajui kwamba amoksisilini ni penisilini. Mtu aliyeimeza mwaka juzi baada ya kung'olewa jino, akamaliza dozi bila shida, kwa kawaida amekwisha jipima mwenyewe, labda kama lililompata zamani lilikuwa baya sana.

Mama wetu anasimulia alichoambiwa na mama yake mzazi. Alikuwa na miaka 6, alikuwa na homa, akapewa dawa ya maji. Siku ya nne akatapika, akatokwa na vipele vidogo kifuani na tumboni. Havikuwasha sana. Hakuvimba midomo, hakukosa pumzi, hakulazwa. Vipele viliisha vyenyewe. Kuhusu amoksisilini, hakumbuki.

Kutapika si mzio. Kichefuchefu, kuharisha na kuwashwa ukeni kwa fangasi ni maudhi ya dawa, na yanaweza kumpata mtu yeyote. Vipele vinahitaji kufikiriwa zaidi. Mzio unaotisha huja haraka, mara nyingi ndani ya saa 1: mabaka yaliyoinuka yanayowasha na kuhamahama mwilini, midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, presha kushuka. Vipele bapa vinavyotokea siku ya nne au ya saba kwa mtoto mwenye homa mara nyingi ni vya kirusi kile kile kilichomletea homa. Dawa ilikuwepo eneo la tukio, ikabebeshwa kesi.

Lakini kuna simulizi moja ambayo kambi ya kwanza ina haki nayo kabisa. Mtu akisema ngozi ilitoa malengelenge na kuchubuka, akapata vidonda mdomoni na machoni, au figo, ini au damu iliharibika kwa sababu ya dawa, hapo pasijaribiwe kitu. Si kwa dozi ndogo, si kwa kuzoesha mwili, si baada ya miaka 20. Mjamzito wa namna hiyo hupewa seftriaksoni kwa tahadhari, tena baada ya ushauri wa bingwa, na mtoto hutibiwa akizaliwa.

Kwa wasio na historia hiyo, upo mfumo mfupi wa alama uliochapishwa mwaka 2020, unaoitwa PEN-FAST. Tukio likiwa ndani ya miaka 5 iliyopita, alama 2. Likiwa lilikuwa la kukosa pumzi na presha kushuka, au la kuvimba uso na midomo, au la ngozi kuharibika vibaya, alama 2. Likiwa lilihitaji matibabu, alama 1. Jumla ikiwa chini ya 3, uwezekano wa mzio wa kweli ni chini ya 5 kwa 100. Ikiwa 0, ni chini ya 1 kwa 100. Mama wetu ana 0. Mfumo huu haukutengenezwa kwa ajili ya wajawazito, kwa hiyo nautumia kupanga mawazo, sio kutoa hukumu.

Hatua inayofuata ni dozi ya majaribio kwa mdomo, mbele ya mtu anayejua la kufanya. Ampe mama kidonge cha amoksisilini cha miligramu 250 au 500, mama akae saa 1 au zaidi akipimwa mapigo na presha, huku adrenalini ikiwa karibu: miligramu 0.5 ya kuchoma msuli wa paja, si ya kwenda kutafutwa stoo. Kuna wanaouliza kwa nini tusichome benzathini moja kwa moja tuone. Sababu ni kwamba benzathini ikishaingia kwenye msuli hutoka polepole kwa wiki kadhaa, wala huwezi kuirudisha. Kidonge huondoka mwilini ndani ya saa chache, na mzio wa dawa ya kumeza kwa kawaida huwa mwepesi kuliko wa sindano.

Kituo kisicho na adrenalini, oksijeni na mtu wa kukaa na mgonjwa hakina sababu ya kuthubutu. Kampeni ya kufuta maandishi isigeuke mchezo wa bahati nasibu. Apewe rufaa. Ila rufaa iwe ya siku chache, kwa sababu mimba haisubiri, na matibabu yanayochelewa hadi mwezi wa mwisho humlinda mtoto kidogo sana.

Na simulizi ingekuwa nyingine? Tuseme miaka 3 iliyopita, dakika 10 baada ya sindano, alivimba ulimi na kuanguka. Huyo hapewi kidonge cha kujaribu. Anapelekwa hospitali kupimwa ngozi, na mzio ukithibitika, mwili wake unazoeshwa. Utaratibu uliochapishwa mwaka 1985 kwa wajawazito huanza na yuniti 100 tu za penisilini ya kunywa, dozi ikiongezwa karibu maradufu kila baada ya dakika 15, hadi dozi 14. Kazi nzima ni chini ya saa 4, ikifuatwa na sindano. Mzio hauponi kwa njia hii, unalazwa usingizi tu wakati dawa ingali mwilini. Akiacha akarudi baada ya miezi, ni kuanza upya.

Mama wetu amemeza kidonge, saa 1 imepita, hana kitu. Anachomwa sindano. Sindano hiyo inauma kweli, na huenda akasikia kizunguzungu na kuzimia palepale. Wengi wamebandikwa mzio kwa sababu hiyo. Aliyezimia kwa maumivu huwa mweupe na baridi, mapigo yake huenda polepole, na akilazwa na kuinuliwa miguu hurejea ndani ya dakika chache. Mwenye mzio mkali mapigo yake hukimbia, mara nyingi ngozi huwasha au kutoa mabaka, na kulala chini peke yake hakumsaidii.

Mtego wa mwisho huja usiku. Saa kadhaa baada ya dozi ya kwanza, mtu mwenye kaswende anaweza kupata homa, kutetemeka, kuumwa kichwa na misuli. Ni mwili unaopambana na mabaki ya vijidudu vilivyokufa kwa wingi, na hali hiyo huitwa kwa majina ya madaktari Jarisch na Herxheimer. Huisha ndani ya saa 24. Kwa mjamzito inaweza kuamsha maumivu ya uchungu au kupunguza mtoto kucheza. Akiona hivyo aje hospitali usiku huohuo. Lakini si mzio, na si sababu ya kukatisha dozi ya pili. Mama asipoelezwa mapema, atarudi wiki ijayo akisema "ile dawa ilinikataa", na wino mwekundu utarudi kwenye kadi ileile.

Kwa hiyo maneno ya zamani yakatwe kwa mstari mmoja, yabaki yanasomeka, na chini yake iandikwe tarehe, dawa aliyojaribiwa, dozi, na muda aliokaa bila tatizo. Nakala apewe mkononi, kwa sababu faili la hospitali nyingine bado lina maneno yale ya kwanza. Na akipiga simu saa 4 usiku kwamba ana homa, atakayepokea aulize kwanza kama ana mabaka, kama amevimba, kama anahema vizuri, kama mtoto anacheza, na majibu hayo yaingie kwenye kadi jinsi alivyoyasema.