Tangi Limejaa, Shawa Inalia

Asubuhi ya Julai hapa Nakuru haina utani. Saa kumi na mbili Kiamunyi, baridi imekushika magoti, umejipaka sabuni kuanzia utosini, na shawa inadondosha maji kama mbuzi aliyekojoa akishtuka. Ukichungulia nje, tangi la lita 1,000 limekaa juu ya paa, limejaa pomoni, limetulia kama baba wa bibi harusi. Limejaa! Sasa maji yanaringa nini?

Maji hayaringi. Hayajali tangi lina lita ngapi, yanajali yanashuka kutoka kimo gani. Mita 10 za kushuka ndizo hutoa msukumo wa baa 1. Nyumba ya chini yenye tangi juu ya paa ina mita 2 na nusu hivi mpaka kwenye shawa, yaani robo baa, na hiyo robo nayo inaliwa na zile kona fundi alizoweka kana kwamba analipwa kwa kona.

Ndipo watu hukimbilia mjini kununua pampu. Ngoja kwanza. Chukua ndoo ya lita 10, kinga chini ya shawa, tazama saa. Ikijaa kwa dakika 6, unapata lita 1.7 kwa dakika. Sasa zima swichi ya shawa, fungua uso wake, uloweke kwenye siki usiku kucha ule ukoko mweupe utoke, kisha pima tena. Zaidi ya mtu mmoja amebeba pampu nyumbani kumbe dawa ilikuwa chupa ya siki.

Hicho kipimo utakihitaji baadaye pia. Pampu ndogo ya nyumbani, ya wati 120 hivi, ina kiungo ndani kinachohisi maji yakitembea, ndicho kinachoiwasha. Nyingi husubiri lita 2 hivi kwa dakika. Shawa yako ikitoa 1.7, pampu inakaa kimya. Maji hayaji kwa sababu pampu haijawaka, na pampu haiwaki kwa sababu maji hayaji. Hapo fundi anayetaka kuwahi matatu anasogeza kile kiswichi kutoka AUTO hadi MANUAL, pampu inanguruma, anapokea pesa, anaenda. Baada ya siku tatu maji ya kaunti yanakatika, tangi linakauka, na pampu bado inazunguka. Beringi zake hupozwa na kulainishwa na maji yayo hayo. Bila maji, imekwisha. Kwa hiyo ongeza mtiririko kwanza: safisha uso wa shawa, hakikisha koki ya tangi imefunguliwa yote, na kama paipu ni ya nusu inchi tangu tangini, badilisha kipande hicho kiwe cha robo tatu.

Pampu iwekwe kwenye paipu inayoshuka kutoka tangini kwenda bafuni, ukutani chini ya paa ambako mvua haifiki. Usiipandishe juu kando ya tangi. Maji yakipungua itavuta hewa. Na usiifunge kwenye paipu ya mita, maana hapo unawanyonya majirani, pamoja na matope ya kila mahali paipu ya barabarani inapovuja. Mshale ulio ubavuni uelekee bafuni. Mhimili wa mota ulale, usisimame. Weka koki na yunioni kila upande, la sivyo siku ya kuitoa utamwaga tangi zima. Stima ipitie swichi yake yenye waya wa ardhi. Kazi hiyo mwachie fundi wa stima. Kabla ya kuwasha, fungua maji, legeza ile skrubu kubwa ya katikati mpaka hewa itoke na maji yaanze kuchuruzika, kisha uikaze.

Haya, maji yanakuja kwa kishindo. Unaingia bafuni kwa madaha, unawasha shawa ya umeme, na unapiga yowe. Baridi! Shawa ya wati 5,500 hupandisha joto la maji kwa nyuzi 26 yakipita lita 3 kwa dakika. Yakipita lita 6, ni nyuzi 13 tu. Moto ni ule ule, maji yameongezeka maradufu. Basi unarudi kwenye ile koki baada ya pampu, unaibana polepole mpaka upate lita 4, na unabaki kujiuliza kama msukumo wote ule ulikuwa wa kuoshea gari.

Tena pampu ina masikio kuliko mama mkwe. Ukisikia inanguruma saa nane usiku na kila mtu amelala, inazima, inawaka, inazima, usitafute mwizi. Kama choo kiko kwenye paipu hiyo hiyo, kainue kifuniko cha tangi lake: boya limekwama.