Anzia stoo, daftari la vibarua lisubiri

Wakaguzi wengi wakifika saiti hapa Dar huomba daftari la mahudhurio, hujumlisha majina, hulinganisha na fedha zilizotoka Jumamosi, na hesabu ikikubali wanafunga faili. Kwangu huo si ukaguzi. Majina kaandika nyapara, fedha kapokea nyapara, saini na dole gumba kakusanya nyapara. Hesabu itaachaje kukubali?

Natafuta kumbukumbu ambayo yeye hakuigusa, na mara nyingi iko stoo. Chukua ujenzi wa ghorofa kule Goba, wiki ya masika. Jumatano daftari lina vibarua 24 kwa shilingi 15,000 kila mmoja, jumla 360,000. Daftari la stoo la siku hiyo halionyeshi hata mfuko mmoja wa saruji uliotoka. Hapo nauliza, wala sishutumu, kwa sababu kuna kazi zisizohitaji saruji: kuchimba msingi, kusogeza tofali, kukunja nondo. Fundi mkuu akasema mvua ilianza alfajiri, wakabaki wanne tu wakikunja nondo chini ya turubai. Mama lishe anayewakopesha chakula naye aliandika sahani nne siku hiyo, wakati siku za kawaida huandika zaidi ya kumi na tano. Daftari lake peke yake lisingetosha, maana wapo wanaokuja na chakula chao. Lakini stoo, fundi na mama lishe hawakukaa kupanga maneno. Vibarua hewa 20 kwa siku moja ni shilingi 300,000.

Upo wizi mwingine ambao stoo haiwezi kuuonyesha, na ndio unaoniuma zaidi. Kibarua yupo, kazi kafanya, kasaini 15,000, mkononi kapewa 12,000. Ukimuuliza mbele ya nyapara unamponza, Jumatatu hataitwa. Kwa hiyo mimi huenda siku ya malipo bila kutoa taarifa, nikakaa mezani. Mhasibu anaita jina, mwenyewe anajitokeza, anahesabu fedha zake pale pale ndipo anasaini. Bahasha isiyo na mwenyewe inarudi kwa mhasibu jioni ileile, haiachwi kwa nyapara "ampelekee". Hata hivyo makato yanaweza kudaiwa nje ya geti, na kwa hilo nataka kiwango cha siku kitangazwe mbele ya wote, kila mtu ajue haki yake.

Kulipa kwa simu kunasaidia, ila kagua namba. Namba moja ikipokea ujira wa watu watano, tumerudi kulekule kwa nyapara. Wengine hutumia laini ya ndugu kwa sababu ya kweli, basi mwenye jina aje athibitishe mwenyewe.

Mwenye mradi asiyeweza kuajiri karani amwambie mtunza stoo ahesabu vichwa saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, aandike kwenye daftari lake mwenyewe. Mhasibu asitoe fedha za Jumamosi kabla hajaliona.