Sekunde Mbili za Mzee wa Magodoro

Hapa mjini watu wana shida za maana: maji hayatoki, kodi ya nyumba imefika, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya michango. Mimi shida yangu ni sekunde mbili. Nikimwambia mke wangu nimechelewa kwa sababu ya sekunde mbili ananiangalia kama mtu anayeficha jina la mwanamke.

Iko hivi. Mzee mmoja muuza magodoro kanunua nafasi ya sekunde 30 kwenye runinga. Tangazo lake nimelimaliza, zuri, lina sekunde 32. Mitambo ya kituo haina undugu na mtu: ikifika 30 inaingiza tangazo linalofuata. Na mwishoni kuna nini? Namba ya simu! Watu wamelainishwa kwa nusu dakika, godoro wamelitamani, halafu ile namba inakatika katikati na anayetokea ni ng'ombe wa maziwa ya pakiti.

Nikampigia. "Si uharakishe tu, kijana wangu?" Kila mteja anasema hivyo, nadhani wanafundishwa sehemu moja.

Haya, tuharakishe. Kwenye programu ya kuhariri video nabonyeza Speed/Duration, naweka asilimia 106.67, 32 inakuwa 30. Nikisahau kuweka tiki kwenye Maintain Audio Pitch, sauti inapanda zaidi kidogo ya nusu toni, na msomaji mwenye sauti nzito anakuwa mdogo wake aliyeko kidato cha pili. Nikiiweka, sauti inabaki nzito lakini jamaa anahema, kama kaiba hilo godoro na anakimbia nalo.

Bado picha. Runinga yetu inaonyesha picha 25 kwa sekunde, kila moja ni fremu, kwa hiyo sekunde 32 ni fremu 800, na mimi nina ruhusa ya 750. Kompyuta inatupa moja katika kila 16. Kwa mtu aliyetulia hutaona kitu. Lakini yale maandishi yanayotembea chini ya skrini yanaanza kurukaruka, na gari la kupeleka mizigo linapita kwa kushtuka. Kinachouma ni kwamba ingekuwa kipindi cha dakika 24 kilichozidi sekunde nane nzima, ningeharakisha kwa asilimia 0.56 na hata mtangazaji mwenyewe asingegundua. Sekunde nane huko si kitu. Mbili kwangu ni msiba.

Basi nikarudi kwenye wembe. Muziki ulikuwa wa mapigo 120 kwa dakika, manne manne, yaani kila mzunguko mmoja ni sekunde mbili kamili. Mungu yupo! Nikaondoa mzunguko mmoja katikati, nikaunganisha kwenye pigo, mwisho wa wimbo ukabaki salama. Ukikata mahali popote tu, hata bibi asiyejua muziki atageuza shingo.

Kwenye maneno ndipo kazi. Mwanzoni muziki ulicheza peke yake: nikatoa fremu 14. Mzee anavyojilaza kwenye godoro, utadhani anapima udongo: nikatoa 16. Zilizobaki 20 nikaziokota kwenye pumzi katikati ya sentensi, hapa mbili, pale tatu. Pumzi usizimalize zote, maana sentensi zitagandana na msikilizaji ataanza kuhema badala ya msomaji. Na kila ulipokata pitisha sauti moja juu ya nyingine kwa fremu moja au mbili, la sivyo utasikia "tik".

Njia rahisi ilikuwepo, kupunguza matawi. "Tupo Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Bunju." Ukitoa mawili tu, umemaliza. Mzee akakataa katakata: kila tawi lina shemeji yake. Nikaangalia "vigezo na masharti kuzingatiwa". Nayo haiguswi, ingawa sijawahi kukutana na mtu aliyevizingatia.

Nikampelekea, sekunde 30 kamili. Akafurahi, akanipa na tangazo la pili, la mito. Hilo lina sekunde 28! Hapo sikuvuta kitu, maana ukivuta kompyuta inarudia fremu na picha inakwama kwama. Nikagandisha picha ya mwisho, namba ya simu ikakaa sekunde mbili zaidi, na muziki nikauongezea mzunguko mmoja. Dakika tano, kazi imeisha. Nikavaa koti.

Simu ikaita.

"Kijana wangu, nasikia la mito lilikuwa na nafasi. Tumefungua Kibaha."