Jaime Lannister na Toba Isiyotaja Kosa

"Watazamaji wa siku hizi hawajui kusamehe, mwovu akitubu, bado wanamzomea." Lawama hii ina ukweli wake, kwa kuwa wapo wanaomshikia mhusika kosa la kipindi cha kwanza hata mwandishi afanye nini. Hata hivyo, Jaime Lannister wa tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones anaonyesha kwamba wengi husamehe, tena makosa makubwa.

Mwaka 2011, katika kipindi cha kwanza kabisa, Jaime alimsukuma mtoto Bran kutoka dirisha la mnara ili kuficha uhusiano wake na Cersei, dada yake pacha. Kufikia msimu wa 3, wengi wa walioshuhudia kitendo kile walikuwa upande wake. Alikuwa amemwokoa Brienne, mwanamke mpiganaji aliyetekwa pamoja naye, asibakwe, kwa kuwadanganya watekaji kwamba baba wa binti huyo angewalipa yakuti, na usiku uleule akakatwa mkono wake wa upanga. Baadaye ndipo, wakiwa bafuni, naye amedhoofika kwa jeraha, akamweleza Brienne kwamba alimuua Mfalme Aerys kwa sababu mfalme aliamuru mji mzima uteketezwe. Mpangilio huo ndio uliofanya kazi: tendo lenye gharama lilitangulia, utetezi ukafuata, na aliyeusikiliza ni mtu aliyekuwa akimdharau kwa mauaji yaleyale.

Mambo yaliharibika mwaka 2014, katika kipindi cha 3 cha msimu wa 4, Jaime alipomlazimisha Cersei kando ya maiti ya mtoto wao, Joffrey. Watazamaji wengi waliona ubakaji; mwongozaji alieleza hadharani kwamba tendo lile liliishia kuwa la hiari. Hadithi ikaenda na mwongozaji. Katika kipindi kilichofuata, Jaime anamkabidhi Brienne upanga na vazi la chuma ili akamtafute Sansa, dada yake Bran, nasi tunatarajiwa kuguswa na uungwana wake, ilhali yeye hajajuta wala Cersei hajamdai neno. Anayekataa kuguswa hapo hawezi kuitwa mgumu wa moyo, kwa maana hajaombwa msamaha wowote.

Wanaomtetea Jaime wana hoja nzito kwamba binadamu hujirudi kisha akaanguka tena, na kwamba kurejea kwake kwa Cersei mwaka 2019 kulikuwa kweli kuliko ushujaa wa mstari mnyoofu. Nakubaliana nao kuhusu kuanguka. Kinachonisumbua ni hesabu anayoitoa mwenyewe usiku ule katika ngome ya Winterfell, Brienne akimsihi asiondoke: anamtaja mtoto aliyemsukuma dirishani, binamu aliyemnyonga kwa mikono yake, na watu wa ngome ya Riverrun ambao angewaua wote. Yote hayo anasema aliyafanya kwa ajili ya Cersei. Alilomfanyia Cersei mwenyewe halimo.