Mwizi wa Saa Nane Usiku

Mtungi wa gesi wa jirani yetu hapa Likoni uliibwa mchana kweupe. Alikuwa amebandika chai, akatoka mara moja kununua sukari, na aliporudi sufuria ilikuwa sakafuni, maziwa hata hayajachemka. Siku hiyo hiyo nikavuka feri hadi mjini, nikanunua kamera ya waifai kwa shilingi 2,800 na sensa ya mlango kwa 900. Muuzaji aliniapia kwamba hata inzi akipita nitajua. Nilidhani ananisifia bidhaa. Kumbe ananionya.

Usiku wa kwanza simu ililia mara arobaini na kitu. Kila nikilala, Motion detected. Nafungua, naona weupe unapepea mbele ya kamera kama shuka ya maiti, halafu kiza. Asubuhi nikamwita kijana wa mtaani anayefanya kazi za umeme, akapanda stuli, akaangalia, akacheka.

“Ami, una buibui.”

Akanieleza taratibu, nami namshukuru kwa subira yake. Kamera ya bei hii haijui mtu wala mdudu. Kazi yake ni kulinganisha picha ya sasa na ile iliyotangulia, na vidoti vingi vikibadilika inapiga kelele. Usiku inawasha taa zake za infraredi, ambazo jicho letu halizioni. Buibui akitanda hapo, uzi wake ukiwa karibu na lenzi hung'aa kuliko mtu aliye getini. Kwa hiyo upepo wa baharini ukiutikisa uzi mmoja tu, simu yangu inaona jeshi. Akafuta kwa kitambaa, akashusha wepesi wa kushtuka kutoka juu hadi kati, akaniambia nifute kila wiki.

Nikafuta wiki ya kwanza. Wiki ya pili buibui alirudi, nami kwa uvivu nikazima mlio wa kamera, nikaacha wa sensa peke yake. Sensa nilikuwa naiamini. (Shangazi aliposikia nimeweka sensa mlangoni aliuliza kama serikali yaja kutuhesabu tena.) Hiyo haina ubishi: ni vipande viwili, kimoja kwenye fremu, kingine chenye sumaku kwenye mlango. Vikikaribiana mlango umefungwa, vikiachana kwa upana wa kidole au zaidi umefunguliwa. Buibui hana uwezo nayo.

Basi wiki hiyo mke wangu alikuwa Malindi, amekwenda arusini, mimi nimebaki peke yangu. Asubuhi moja niko kwenye feri, tumesimama tumebanana na mikokoteni na baiskeli, nikasema ngoja nipitishe wakati. Nikafungua kamera, nikaingia kwenye rekodi za kadi, nikamwona.

Mwanamume. Shati jeupe, kofia, macho yanang'aa kama ya paka. Anaingia uani kwangu akiyumba kidogo, ana mzigo mkononi. Anafika mlangoni, anainama, anahangaika na kufuli, mlango unafunguka. Anaingia ndani. Nikatazama pembeni mwa picha zile tarakimu ndogo: tarehe ya leo, 02:11. Yaani saa nane na dakika kumi na moja usiku, mimi nimelala chali chumbani.

Miguu ikaniishia nguvu. Nikarudisha, nikatazama tena. Anaingia. Nikasogeza mbele kutafuta anapotoka. Hatoki.

“Ndugu yangu,” akasema bwana mmoja aliyekuwa akichungulia begani kwangu, “huyo bado yumo.”

Feri haigeuzwi katikati ya maji. Ilibidi nifike upande wa pili, nipande ile inayorudi, na muda wote huo mwizi yuko nyumbani kwangu anakunywa chai yangu. Nilichoweza kufanya ni kuituma ile video kwenye kundi la wasapu la mtaa. Nikaandika: MWIZI KWANGU USIKU WA KUAMKIA LEO. ANAYEMJUA ASEME.

Watu wa mtaa wetu wana vipaji. Kabla sijafika ng'ambo walikuwa wamemchambua mwizi hadi mifupa. Wa kwanza akasema mwizi huyu ana kitambi, hawezi kuruka ukuta, lazima alipita getini. Wa pili akasema ana matege. Wa tatu, mtu ninayemheshimu sana, akaandika kwamba kwa anavyotembea huyu ni mzee, ni aibu umri huo kuiba, angekuwa msikitini. Mwingine akasema hana sura ya mtu wa kutegemewa. Nikajibu kila mmoja kwa kidole gumba. Nilikubaliana nao kabisa.

Mke wangu akaniandikia pembeni: “Mbona mwizi wako avaa kandambili zako?”

Nikamjibu: “Umeona? Mpaka kandambili ameiba!”

Nilipofika nyumbani niliwakuta watu kumi na watano uani, na mzee wa Nyumba Kumi amesimama mbele na bakora. Vijana walikuwa wameshaingia kupitia dirisha la jikoni, ambalo, niseme ukweli, halina kamera wala sensa na linafunguka ukilisukuma. Hawakumkuta mtu. Televisheni ipo, mtungi wa gesi upo, hata shilingi mia mbili nilizosahau juu ya friji zipo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee akaomba aone simu. Nikamwonyesha na orodha ya sensa, nikiringa kidogo kwamba mimi nina ushahidi wa aina mbili. Akavaa miwani, akasoma polepole. Kisha akauliza, “Saa nane usiku sensa yako yasema nini?”

Nikatazama. Haikusema kitu. Mara ya mwisho mlango kufunguliwa usiku ule ilikuwa saa tatu na dakika kumi na moja, ukafungwa dakika moja baadaye. Tangu hapo kimya mpaka alfajiri nilipotoka mwenyewe.

Uani pakanyamaza. Mtu amevaa nyeupe, macho yanawaka, amepita mlangoni bila sumaku kuachana, ameingia na hakutoka, na hakuchukua kitu.

“Huyo si mwizi,” akasema bibi mmoja, akijifunika leso vizuri. “Huyo ni mwenye nyumba wa asili.”

Watu watano wakaondoka bila kuaga. Mmoja akaja na ubani. Mzee akauliza kama hivi karibuni nilimwaga maji ya moto uani usiku bila kupiga hodi. Nilikuwa nimemwaga. Nikaanza kutokwa na jasho.

Bahati yangu yule kijana wa umeme alikuwa amefika, ana mkate mdomoni. Akaomba simu, akaitazama video mara moja, akaiangalia orodha ya sensa, akaniangalia mimi.

“Ami, jana ulirudi saa ngapi?”

“Saa tatu na kidogo.”

“Na dakika kumi na moja?”

“Ntajuaje mimi dakika?”

Akaigeuza simu niione. Sensa hutumia saa ya simu, akasema, na saa ya simu ni ya Kenya. Lakini zile tarakimu za kwenye video zinaandikwa na kamera yenyewe, kwa saa yake yenyewe. Kamera hizi hazina betri ya kuweka saa. Stima ikikatika zinasahau kila kitu, ikirudi zinauliza wakati kwenye intaneti, kisha zinaongeza saa za nchi zilizopangiwa. Yangu ilitoka kiwandani imepangiwa Uchina, na siku ya kuifunga mimi ndiye niliyemharakisha asimalize mipangilio kwa sababu mpira ulikuwa unaanza. Uchina wako mbele yetu saa tano kamili. Saa tatu na dakika kumi na moja ya Likoni, kule ni saa nane na dakika kumi na moja, na tarehe imeshageuka.

“Dakika zimelingana,” akasema. “Tofauti ni saa tano, hazizidi hazipungui. Mwizi angekuwa na bahati gani hiyo?”

Nikakataa. Nilikuwa na hoja moja nzito: jana nilivaa shati jeusi, na mtu huyu amevaa jeupe. Nikaingia ndani, nikalileta lile shati, nikaliinua juu kama wakili. Jeusi tii.

Kijana akalichukua, akaingia nalo chumba cha stoo chenye kiza, akaileta kamera humo, akafunga mlango. Tukaangalia kwenye simu. Shati langu jeusi lilikuwa jeupe kama kanzu ya Idi. Alisema rangi nyingi nyeusi za nguo humeza mwanga tunaouona sisi, lakini mwanga wa infraredi huurudisha, kwa hiyo usiku kamera haisemi kweli kuhusu rangi, wala usimwambie polisi mwizi alivaa nini kwa kuamini picha ya usiku. Kisha akamwambia mdogo wangu asimame mle ndani atazame kamera. Macho yake yakawaka kama taa za matatu.

Waliobaki uani wakaanza kunitazama. Tumboni kwanza. Kisha miguuni.

“Hebu tembea kidogo,” akasema mzee.

Nikatembea kutoka mlangoni hadi getini.

“Matege,” akathibitisha mtu nyuma.

Nikageuka kuomba radhi, nikitafuta maneno, nikamwona yule mama anayeuza viazi karai pale stendi amesogea mbele. Ameishika simu karibu na uso, amesimamisha video pale mwizi anapoinama kwenye kufuli. Hakuwa anatazama mwizi. Alikuwa anatazama mzigo.

“Huyu ni mwizi,” akasema.

“Mama, tushaeleza, ni mimi.”

“Najua ni wewe. Kikapu hicho changu. Nilikufungia viazi vya mia mbili na mishkaki minne jana usiku, ukasema huna chenji, ukasema wenda kwako warudi mara moja na pesa na kikapu.” Akamrudishia kijana simu. “Nilikungoja mpaka saa sita.”

Mzee wa Nyumba Kumi akaniangalia juu ya miwani. Kikapu kilikuwa jikoni juu ya meza, tambara jekundu limefungwa kwenye mpini, na vijana walioingia dirishani wote walikuwa wamekiona. Mmoja wao akaenda kukileta bila kutumwa.

Zile mia mbili za juu ya friji zilitosha viazi. Za mishkaki nilikopa kwa mzee.