Anayekula Mkaa ni Mvuke, Si Maharage

Hapa Mwanza, muulize mtu mwenye mtungi wa gesi ndani kwa nini bado ana jiko la mkaa uani. Atakujibu kwa neno moja: maharage. Chai anapika kwa gesi, mayai kwa gesi, dagaa anakaanga kwa gesi. Maharage na makande yanapelekwa kwenye mkaa, kwa sababu hakuna anayetaka mtungi umwishie kwa ajili ya mboga moja. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini kuanzia leo hadi 2034 kuna maharage mengi ya kuchemshwa, na mimi naona tunahangaika mno na aina ya jiko huku mkaa wetu mwingi ukipotelea juu, pale mdomoni mwa sufuria.

Ziwa letu lipo kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzijoto 96 tu au karibu na hapo, wakati Dar es Salaam yanafika 100. Ndiyo maana maharage yale yale yaliyoiva haraka kwa shangazi yako Temeke yanakuchosha ukiyapika Igoma. Na kuna jambo la pili lenye uzito zaidi. Maji yakishaanza kuchemka, joto lake halipandi tena hata ukijaza mkaa mpaka juu na kupepea kwa nguvu zote. Sufuria inayochemka kwa fujo na sufuria inayotokota taratibu zote zina joto lile lile la nyuzi 96, na maharage yaliyomo yanaiva kwa mwendo ule ule. Moto wa ziada hauivishi kitu. Unageuza maji kuwa mvuke, basi.

Na kugeuza maji kuwa mvuke ni kazi ghali. Kuchemsha lita moja ya maji ya bomba kunahitaji kiasi fulani cha joto; kuikausha lita hiyo hiyo yote ikawa mvuke kunahitaji zaidi ya mara saba ya kiasi hicho. Jiko la bati la kawaida hufikisha kwenye sufuria kama moja ya tano tu ya joto la mkaa wake. Ukipiga hesabu kwa kiwango hicho, kila lita inayopaa kama mvuke imekula karibu gramu 400 za mkaa.

Sasa chukua kilo moja ya maharage makavu, hayakulowekwa, sufuria wazi, moto mkali. Sufuria ya namna hiyo hupoteza takriban lita moja ya maji kwa saa, na kila mpishi anajua hilo kwa jinsi anavyolazimika kuongeza maji kila mara. Yakichukua saa 3 kuiva, zimepaa lita 3, yaani kilo 1 na robo hivi ya mkaa imekwenda hewani. Kuyafikisha maji na maharage kwenye mchemko mwanzoni kulihitaji chini ya gramu 200 tu. Kilo hiyo hiyo ikilowekwa usiku, ikafunikwa vizuri na kutokota taratibu, inaiva kwa saa 1 na nusu au pungufu, na maji yanayopotea hayafiki nusu lita. Hata ukihesabu joto linalotoka ubavuni mwa sufuria, nusu kilo ya mkaa inatosha. Haya ni makadirio, na maharage yako yanaweza kusogeza namba huku au kule, lakini tofauti ni kubwa mno kuifumbia macho.

Unaweza kuipima mwenyewe. Simamisha mwiko wa mti ndani ya sufuria mpaka uguse chini, weka alama kwa kisu pale maji yalipofika, kisha rudia baada ya saa moja. Ukiona maji yameshuka sana, huo ndio mkaa wako.

Nilimweleza haya mama lishe mmoja ninayekula kwake, karibu na mwalo wa Kirumba. Sufuria yake kubwa ilikuwa wazi, povu jeupe limezunguka ukingoni, na kidumu cha maji ya kuongezea kiko pembeni.

“Shikamoo mama. Mbona hufuniki?”

“Marahaba mwanangu. Nikifunika yanafurika, yananizimia jiko.”

Ana haki, maharage yaliyofunikwa hufurika kweli. Lakini kufurika kunakuambia kwamba moto ni mkubwa kuliko kazi iliyobaki. Mfuniko ukirukaruka na kugonga, punguza moto, usitoe mfuniko. Povu lenyewe ni la mwanzoni: likusanye kwa upawa ulitupe, acha mfuniko umeegemea kidogo kwa dakika 10 za kwanza maharage yakichemka kwa nguvu, kisha funika kabisa. Dakika 10 hizo usizikate, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayoharibu tumbo, na inavunjwa na mchemko wa kweli, si vuguvugu. Baada ya hapo unataka kusikia mlio mdogo tu wa kutokota, na mvuke mwembamba unaochungulia ukingoni mwa mfuniko.

Ugumu ni kwamba mkaa hauna kitasa cha kupunguzia. Ukijaza jiko tangu mwanzo, utailisha sufuria moto usiohitajika kwa saa nzima. Weka mkaa wa kuchemshia tu, kama nusu ya jiko. Yakishachemka, sogeza mlango wa jiko ubaki upenyo wa kidole kimoja, nyunyiza majivu juu ya makaa, na baadaye ongeza vipande viwili vitatu pembeni kila moto unapolegea. Makaa yakizidi, yatoe kwa koleo uyaweke kwenye kopo lenye kifuniko cha bati. Yatazimika kwa kukosa hewa na kesho utayawasha tena. Ila jiko lenye makaa yaliyofunikwa majivu usiliingize ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa yake huua bila harufu.

Sisi wa ufukweni tuna adui mwingine, upepo. Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na jiko lililo wazi uani mlango wake ukielekea ziwani linapuliziwa muda wote. Mkaa unawaka mweupe na kwisha mapema, huku ubavu wa sufuria unapozwa. Geuzia mlango upande wa pili na uliweke nyuma ya ukuta, au bandika maharage alfajiri kabla upepo huo haujaamka. Kwa wanaopika kwa kuni kwenye mafiga, kule kambi za wavuvi visiwani, kinga ya upepo ina faida kuliko hata mfuniko, kwa sababu ndimi za moto zikilazwa pembeni hazigusi sufuria kabisa.

Kuhusu chombo, mimi ni mtu wa sufuria. Chagua yenye kitako bapa kinachofunika mdomo wa jiko, na ukubwa ambao maharage na maji vinafika theluthi mbili ya kimo chake. Sufuria nyembamba kuliko mdomo wa jiko inaachia joto lipite ubavuni. Masizi ya nje wala usihangaike kuyasugua mpaka ing’ae, kwani kitako cheusi hupokea joto la makaa vizuri. Chungu nacho kina sifa zake: mdomo mwembamba haupotezi mvuke mwingi, na kuta nene zinatunza joto, kwa hiyo unaweza kukiepua maharage yakiwa yamebakiza kidogo na yakamalizia kuiva yenyewe. Lakini kinachukua muda mrefu kupata moto. Kwa mwenye kuni na familia kubwa kinafaa. Kwa anayenunua mkaa wa kopo na kupika nusu kilo, sikishauri.

Mfuniko wa asili ukipotea, kama unavyopotea katika nyumba nyingi, usifunike kwa sahani inayoacha nafasi. Weka juu sufuria nyingine iliyo pana kidogo zaidi, yenye maji ndani. Mvuke unagonga kitako chake, unapoa na kudondoka tena chini, na joto lake linabaki kwenye maji ya juu. Hayo ndiyo maji yako ya kuongezea, tayari ya moto. Maji ya baridi kutoka kwenye kidumu yanakata mchemko, na unaanza kulipia upya joto uliloshalilipia.

Kuloweka ndiyo njia ya kupunguza muda wenyewe. Chambua, osha, weka maji mara tatu ya maharage, na uyaache saa 8 hadi 12. Kwa joto letu ukipitisha hapo yanaanza kutoa povu na harufu ya uchachu, kwa hiyo badilisha maji. Kujua kama yamekolea, usitazame ngozi tu, kwa sababu ngozi inajikunja na kulainika mapema kuliko kiini. Pasua punje moja kwa kucha. Katikati pakiwa na doa jeupe kavu, bado. Punje zilizobaki ndogo na ngumu kama zilivyokuwa zitoe, maana hizo zitakufanya uchome mkaa wa saa nzima ukizisubiri. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya. Chumvi kidogo kwenye maji ya kulowekea haina ubaya, tena inasaidia ngozi kulainika. Nyanya na ndimu ndizo za kusubiri mpaka maharage yaive, kwa sababu uchachu unayakaza.

Kwa makande, nunua mahindi yaliyokobolewa. Ganda ndilo linalozuia maji kuingia, na punje yenye ganda inaweza kulala majini usiku kucha na bado ikakushinda. Loweka mahindi na maharage kwenye vyombo tofauti, tanguliza mahindi jikoni kama dakika 40, kisha changanya.

Kuna maharage ambayo hayasikii kulowekwa wala mfuniko, nayo ni yale yaliyokaa ghalani msimu mzima kwenye joto na unyevu. Magadi kidogo huyalainisha, lakini yanaharibu vitamini B1 na yakizidi chakula kinakuwa na ladha ya sabuni, kwa hiyo mimi nayaweka kwa maharage ya namna hiyo tu. Bora kuyakwepa sokoni. Kabla ya kuchukua debe zima, nunua kikombe kimoja, kaloweke usiku, uhesabu punje zilizobaki ngumu asubuhi. Zikiwa nyingi, hata muuzaji akikupunguzia bei, punguzo hilo utalirudisha kwa muuza mkaa.