Tatizo la kwanza si COPD

Nina ugomvi wa muda mrefu na jinsi wanafunzi wa udaktari wanavyowasilisha mgonjwa wa COPD, ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa kwenye mapafu, kwenye raundi ya wodi. Historia huwa ndefu, uchunguzi wa mwili hutajwa kuanzia kucha hadi nyayo, kisha tukifika kwenye orodha ya matatizo nasikia: "Tatizo la kwanza, COPD iliyozidi. Mpango: oksijeni, nebulaiza, antibiotiki, na kumfuatilia." Orodha hiyo ukiibandika kwenye faili la kitanda cha jirani hakuna atakayeshtuka. Kwa maoni yangu, orodha ya matatizo ndiyo kazi yenyewe, na yote yaliyotangulia yalikuwa ya kuitafutia ushahidi.

Tumchukue mgonjwa niliyemuunda kutokana na wengi tunaowapokea hapa Kisumu. Ni mama wa miaka 61 kutoka upande wa Dunga. Kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa akikaanga na kukausha kwa moshi mgongo wazi, yale mabaki ya mbuta baada ya minofu kuondolewa. Ana siku nne za kukosa pumzi, makohozi yameongezeka na yamegeuka kijani. Ameletwa kutoka kituo kidogo akiwa na barakoa ya oksijeni ya lita 10 kwa dakika, na karatasi ya rufaa inasema kwa fahari kuwa oksijeni kwenye damu ni asilimia 99.

Mwanafunzi wa kawaida atasema, "Havuti sigara," na kusonga mbele. Hapo ameshapoteza nusu ya historia. Kwa akina mama wa huku, uliza moto: kuni au makaa, ndani au nje, saa ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi. Kisha uliza kifua kikuu. Huyu mama alitibiwa miaka tisa iliyopita akamaliza dawa, na kovu linalobaki kwenye mapafu linaweza kuziba njia za hewa hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa sigara. Uliza pia alivyokuwa kabla ya kuugua. Mwaka jana alitembea hadi sokoni bila kupumzika. Mwezi uliopita alikuwa akisimama njiani kila baada ya hatua chache. Jibu hilo ndilo litakaloamua utarajie nini atakapopata nafuu.

Kwenye uchunguzi, mwanafunzi hutaja miruzi ya kifua kwanza kwa sababu ndiyo inayosikika. Mimi ningeanza na usingizi. Mama huyu anaitikia ukimwita, kisha anasinzia sentensi ikiwa katikati. Mikono yake ni ya joto, mapigo yanadunda kwa nguvu, 112 kwa dakika, na akinyoosha viganja kama anayesimamisha matatu, vinaanguka na kurudi. Anapumua mara 28 kwa dakika. Kifua kimevimba kama pipa, ukikigonga kinalia wazi hadi pale ambapo moyo ulipaswa kuzima sauti, na kutoa pumzi kunachukua muda mrefu kuliko kuivuta. Mshipa wa shingo umejaa, miguu imevimba. Vidole havijanenepa nchani. Ungevikuta vimenenepa usiseme ni COPD, tafuta saratani au njia za hewa zilizopanuka na kuoza.

Sasa ndipo orodha inapojengwa. Tatizo la kwanza: mapafu yameshindwa kutoa hewa ya kaboni, na oksijeni nyingi imezidisha hali. Damu ya ateri inathibitisha: pH 7.29, yaani damu ina asidi kupita kawaida, kaboni 68 mmHg, bikaboneti 32. Bikaboneti hiyo ya juu inakuambia kuwa figo zimekuwa zikifidia kwa muda, yaani mwili ulizoea kaboni nyingi kabla ya wiki hii. Pasipo mashine ya kupima gesi za damu, ule usingizi, mikono ya joto na viganja vinavyoanguka vinatosha kukufanya uchukue hatua.

Wanafunzi wengi hunieleza kwamba oksijeni "inaua hamu ya kupumua". Hiyo ni sehemu ndogo ya maelezo. Mapafu yaliyoharibika hubana mishipa ya damu kwenye sehemu zisizopata hewa; ukimwaga oksijeni, mishipa hiyo inafunguka na damu inapelekwa mahali ambapo kaboni haiwezi kutoka. Isitoshe, himoglobini iliyojaa oksijeni huishika kaboni kwa ulegevu zaidi. Jaribio la Tasmania lililochapishwa mwaka 2010 liliwalinganisha wagonjwa waliopewa oksijeni nyingi kwenye ambulensi na waliopewa kwa kipimo, na vifo vilipungua kwa asilimia 58 kwa waliopimiwa.

Kwa hiyo mpango wa tatizo la kwanza usiwe neno "oksijeni". Useme: lengo ni oksijeni ya damu asilimia 88 hadi 92, shusha kwa hatua hadi mirija ya pua ya lita 1 au 2, usiivue ghafla kwa sababu oksijeni ya damu inaweza kuporomoka chini ya ilipoanzia. Pima damu tena baada ya saa moja. Ikiwa pH bado iko chini ya 7.35 na kaboni iko juu, anahitaji mashine ya kusaidia kupumua kwa barakoa, na simu ya kuiulizia ipigwe kabla hajazimia. Huyu wetu, baada ya saa moja ya dawa na lita 1, alifika pH 7.36 na kaboni 56, na akaomba uji.

Kuna mtego hapa. Unashusha oksijeni vizuri, kisha nebulaiza, kifaa cha kugeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, inaunganishwa kwenye oksijeni ile ile ya ukutani kwa lita 6 au 8, na kila baada ya saa chache unarudia kosa. Tumia mashine ya hewa ya kawaida. Kama haipo, usizidishe dakika 6, au tumia pampu ya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, na chupa ya plastiki iliyotobolewa, ambayo kwa wengi hufanya kazi vilevile.

Tatizo la pili ndilo COPD, na hapo liandikwe "inashukiwa". Hajawahi kupulizia kipimo cha spirometri, kinachoonyesha jinsi pumzi inavyotoka, na hatapimwa leo akiwa hoi. Atapimwa akishatulia, baada ya wiki kadhaa. Kuzidi kwa ugonjwa hakusubiri kipimo: salbutamoli na ipratropiamu, prednisoloni miligramu 40 kwa siku 5, na antibiotiki kwa sababu makohozi yamegeuka usaha. Tatizo la tatu ni kifua kikuu kilichorudi, hadi makohozi na eksirei vikanushe. Kwa aliyewahi kutibiwa, kipimo cha vinasaba kinaweza kuokota mabaki ya vimelea waliokufa, basi usimwanzishie dawa kwa karatasi peke yake. La nne ni upande wa kulia wa moyo, unaoshukiwa kulemewa kwa sababu ya ule mshipa wa shingo na miguu iliyovimba, nalo litasubiri picha ya moyo.

"Kumfuatilia" silikubali popote kwenye orodha. Sema sista apime nini, kila baada ya muda gani, na ni namba gani ikionekana akuamshe.

Tatizo la tano wengi hawaliandiki: anarudi kwenye moshi ule ule. Kumwambia mama aache kazi inayolisha nyumba ni kupoteza pumzi yako na yake. Muulize kama tanuri linaweza kusogezwa upande upepo unakoelekea, mtazame akitumia pampu mbele yako, na kwenye jalada la daftari lake la kliniki andika kwa kalamu nene: oksijeni 88–92. Kituo kile kidogo kitamwona tena kabla yako.